Kibandiko cha Kijani Kwanza, Bei Baadaye

Mtu aliyekulia kwenye vipanya vya Dar es Salaam au matatu za Nairobi hapati shida kulitambua gari la bei nafuu linalopangwa kwenye yadi za kampuni za kukodisha magari mjini Christchurch, Nyuzilandi. Ni Toyota Hiace ileile. Mara nyingi ilitumika kwanza Japani kabla ya kuvushwa bahari, usukani wake uko kulia, na nchi yenyewe huendesha upande wa kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda. Ndani ndiko kulikobadilika. Viti vya abiria vimeng'olewa, na mahali pake pamewekwa kochi linalogeuka kitanda, jiko la gesi la mafiga mawili, sinki, friji ndogo na matangi ya maji. Hiyo ndiyo kempavani: mchana ni usafiri, usiku ni chumba.

Nyuzilandi ni miongoni mwa nchi ambako safari ya namna hii imekuwa jambo la kawaida kabisa. Nchi ni ndefu, watu ni wachache, na vyumba katika miji midogo hujaa mapema kati ya Desemba na Februari, ambayo huko ni miezi ya kiangazi. Raia wengi wa Afrika Mashariki wanaofika huko kutembelea ndugu au kusoma hukutana na tangazo la kempavani kabla hata hawajatoka uwanja wa ndege.

Tangazo huanza na bei ya siku, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Bei ya siku haisemi gari linaruhusiwa kulala wapi. Haisemi litakaa siku ngapi bila kujazwa maji au kuchomekwa umeme, wala mteja atakatwa nini siku ya kulirudisha. Mambo hayo ndiyo yanayoamua kama safari itakuwa nafuu au ghali, na yote yanaweza kujulikana kabla ya kutoa hata senti moja.

La kulala ndilo la kwanza. Nyuzilandi ina sheria maalumu ya kupiga kambi bila malipo, iliyopitishwa mwaka 2011 nchi ilipokuwa ikijiandaa kupokea mashabiki wa Kombe la Dunia la raga. Kwa sheria hiyo, kupiga kambi ni kulala ndani ya hema au gari kwenye eneo la umma, umbali usiozidi mita 200 kutoka mahali gari linapoweza kufika, kutoka ufuko wa bahari, au kutoka njia mashuhuri za matembezi ya miguu. Mwenye gari, basi, karibu kila aliposimama yumo ndani ya sheria. Jambo moja limeachwa nje kwa makusudi: dereva aliyechoka akasimama kando ya barabara kusinzia ili asisababishe ajali hahesabiwi kuwa amepiga kambi. Lakini huruma hiyo ya sheria haimfuniki mtu aliyekwisha kutandika kitanda, kutoa viti nje na kuanika taulo.

Mwaka 2023 sheria ikakazwa, baada ya miaka mingi ya malalamiko ya wakazi kuhusu kinyesi na karatasi za chooni zilizoachwa vichakani kando ya maziwa. Tangu hapo, katika ardhi ya halmashauri, gari lisilojitosheleza haliruhusiwi kulala isipokuwa pale ambapo halmashauri yenyewe imeruhusu. Kujitosheleza maana yake ni kwamba waliomo wanaweza kuishi siku tatu bila kuongeza maji na bila kumwaga uchafu wowote. Gari linalofaulu ukaguzi hupewa cheti na kibandiko cha kijani kinachoonyesha idadi ya watu walioidhinishwa kulala humo na tarehe ya mwisho ya kibali.

Kinachoyaangusha magari mengi ni choo. Chini ya kanuni za zamani, zilizotambulika kwa kibandiko cha buluu, choo cha kubebeka kilichowekwa kabatini kilitosha. Kanuni mpya zinataka choo kilichofungwa imara kwenye gari. Hiace nyingi hazikujengwa zikiwa na nafasi hiyo. Zipo zilizobadilishwa, zikawekewa choo chini ya kiti au ndani ya droo, na zipo ambazo hazikubadilishwa. Kwa hiyo mkodishaji anayejibu kwamba gari "lina choo" bado hajajibu swali. Aombwe picha ya kibandiko chenyewe, na mteja asome mambo mawili: tarehe na idadi ya watu. Gari lililoidhinishwa kwa watu wawili likilaza watatu limevunja masharti, hata kama choo chake ni kipya na matangi yake ni makubwa.

Na kibandiko si ruhusa ya kulala popote. Kila halmashauri inaweza kutunga sheria ndogo inayofunga baadhi ya maeneo na kuwekea mengine masharti: usiku mmoja au miwili tu, magari yasiyozidi idadi fulani, kuondoka kabla ya saa fulani asubuhi. Sheria ndogo hizi hubadilika. Katika wilaya ya Queenstown Lakes, penye baadhi ya mandhari yanayopigwa picha zaidi nchini, Mahakama Kuu ilifuta sheria ndogo ya halmashauri mwaka 2024 baada ya kesi iliyofunguliwa na chama cha wamiliki wa magari haya, na halmashauri ikalazimika kuanza upya. Ushauri wa rafiki aliyesafiri miaka mitatu iliyopita unaweza kuwa mzuri kwa chakula na mandhari, lakini kwa maegesho ya usiku umepitwa na wakati. Wasafiri wengi hutumia programu ya simu ya CamperMate kutafuta maeneo. Ikipingana na kibao kilichosimikwa pale pale, kibao ndicho kinachofuatwa.

Anayekosea hupewa faini ya mamia ya dola za Nyuzilandi. Kampuni ya kukodisha hupeleka jina lake kwa halmashauri au hukata deni kwenye kadi yake, kisha huongeza ada yake ya ushughulikiaji, na haya yanaweza kutokea baada ya mteja kurudi nyumbani.

Kati ya kulala bure na kulala hotelini kuna njia mbili za katikati. Ya kwanza ni kambi za Idara ya Uhifadhi, ambazo nyingi ziko ndani ya hifadhi, penye vyoo vya shimo, maji ya bomba au ya mto, na malipo ya kiasi kwa kila mtu. Kambi ya White Horse Hill, chini ya mlima Aoraki ulio mrefu kuliko yote nchini, ni ya aina hii. Ya pili ni kambi za binafsi zenye umeme, bafu la maji moto, jiko la pamoja na mashine za kufulia. Hizo ni ghali zaidi, lakini kama itakavyoonekana, gari lenyewe litamlazimisha mwenye safari aingie huko mara moja moja.

Baada ya kibandiko ndipo ukubwa uzungumzwe, kwa sababu choo cha kudumu kinakula nafasi. Kempavani za watu wawili zinaanzia Hiace yenye urefu wa mita tano hivi hadi Mercedes Sprinter ya mita saba yenye bafu kamili. Zile za watu wanne au sita hufika mita saba na zaidi, na kimo chake huzidi mita tatu. Tofauti hiyo ya kimo si ya kupuuza. Maegesho ya ghorofa mjini hupokea magari yenye kimo cha mita mbili na kidogo, na uharibifu wa paa, kama tutakavyoona, mara nyingi haumo kwenye bima. Urefu nao una bei yake: feri inayovuka kati ya Picton na Wellington hutoza gari kwa urefu. Gari lenye uzito ulioidhinishwa unaozidi kilo 3,500 huwekewa kikomo cha kilomita 90 kwa saa hata kwenye barabara ambako magari madogo yanaruhusiwa 100.

Tangazo linaposema "vitanda vinne", linahesabu na meza. Kitanda cha pili karibu kila mara ni meza ya kulia inayoshushwa usawa wa viti na kufunikwa mito. Maana yake ni kwamba kila usiku vyombo vitolewe, meza ishushwe na shuka zitandikwe, na kila asubuhi kazi hiyo irudiwe kinyumenyume kabla mtu hajapata pa kuweka kikombe cha chai. Kwa usiku mmoja ni mchezo. Kwa siku kumi, pamoja na watoto wawili na mvua ya Kisiwa cha Kusini, ni chanzo cha ugomvi. Kipimo kizuri ni kujiuliza kama mtu mmoja anaweza kupika huku wengine wote wamekaa, mlango umefungwa. Kama haiwezekani, gari ni dogo. Wanaojua kazi hii hupendekeza familia ya watu wanne ichukue gari la vitanda sita ili angalau kitanda kimoja kibaki kimetandikwa mchana kutwa, na ushauri huo una mantiki.

Wenye watoto wana hesabu moja zaidi. Sheria inataka mtoto aliye chini ya miaka 7 akae kwenye kiti cha watoto kilichoidhinishwa. Lakini si kila kiti cha nyuma cha kempavani kina mahali pa kukifunga, na baadhi ya viti vinaelekea ubavuni. Idadi ya vitanda na idadi ya viti vyenye mikanda ni vitu viwili, na idadi ya viti vinavyoweza kubeba kiti cha mtoto ni kitu cha tatu. Swali hili liulizwe kwa kutaja umri wa kila mtoto.

Maji yana mantiki rahisi: kila kinachoingia lazima kitoke, na kinatoka kupitia matangi mawili tofauti. Kiwango cha chini cha gari linalojitosheleza ni lita 4 za maji safi kwa mtu kwa siku, kwa siku 3, pamoja na tanki la kupokea maji yaliyotumika kwa kiasi hichohicho. Kwa watu wawili hizo ni lita 24, zinazotosha kunywa, kupika na kupiga mswaki, basi. Magari madogo huwa na lita 30 au 40. Makubwa yenye bafu yanaweza kubeba 80 au zaidi, lakini bafu ndilo linaloyamaliza. Kuoga kwa uangalifu, yaani kujilowanisha, kufunga bomba, kujisugua kisha kujisuuza, hutumia lita 8 hadi 10. Watu wanne wakioga mara moja wamekwisha kumaliza nusu ya tanki la lita 80. Tanki la maji machafu nalo linajaa kwa kasi hiyohiyo, na likijaa halitoi taarifa kwa adabu: maji hurudi juu kupitia tundu la sakafu ya bafu, kwa sababu hilo ndilo tundu la chini kuliko yote.

Uchafu humwagwa kwenye vituo maalumu vilivyoko karibu kila mji, na vingi havitozi kitu. Anayekuta kituo kwa mara ya kwanza ataona tundu lenye mfuniko ardhini na mabomba mawili ya maji. Bomba moja limeandikwa kuwa ni la kusuuzia, la pili ni la maji ya kunywa, na kwa kawaida yametenganishwa kwa makusudi. La kusuuzia ndilo linaloguswa na midomo ya vyoo vya wasafiri wote, kwa hiyo mpira wake kamwe usiingizwe kwenye tanki la maji safi.

Choo chenyewe ni sanduku la plastiki lenye ujazo wa lita 18 hivi, lililo chini ya kiti na kutolewa kwa nje kupitia mlango mdogo wa ubavuni. Kabla ya kulivuta, kizibo cha ndani kifungwe, la sivyo sanduku halitatoka, na akilivuta kwa nguvu atalipasua. Shingo yake huzungushwa nje, sanduku huinamishwa juu ya tundu, na kuna kitufe cha kuingiza hewa kinachobonyezwa kwa kidole gumba wakati wa kumimina. Asiyekibonyeza atashangaa kwa nini kinachotoka kinaruka na kumchafua miguu. Baadaye husuuzwa mara mbili, hutiwa maji kidogo na dawa ya chooni, kisha hurudishwa. Watu wawili hulijaza kwa siku mbili au tatu. Taa nyekundu kwenye kiti huwaka likikaribia kujaa, na huo si wakati wa kuahirisha.

Umeme ndio unaochanganya wengi kuliko vyote, kwa kuwa ndani ya gari moja kuna aina mbili zisizosaidiana. Ya kwanza ni ya betri ya ziada ya volti 12, tofauti na betri ya kuwashia injini. Hii huendesha taa, pampu ya maji, friji na soketi za kuchajia simu. Ya pili ni ya volti 230, inayoingia kwa waya mrefu wenye plagi ya buluu unaochomekwa kwenye nguzo ya kambi. Soketi za kawaida ndani ya gari, pamoja na maikrowevu na kipasha hewa cha umeme, zinafanya kazi tu waya huo ukiwa umechomekwa. Mgeni anayesimama kando ya ziwa jioni na kubonyeza swichi ya birika la umeme akakuta limekufa anadhani gari ni bovu, kumbe ndivyo lilivyotengenezwa.

Sababu ni hesabu. Birika la wati 2,000 likitaka kulishwa na betri ya volti 12 lingevuta zaidi ya ampea 160 kwa mpigo mmoja, mzigo ambao waya na betri za kempavani ya kawaida hazikuandaliwa kuubeba. Ndiyo maana chai huchemshwa kwa gesi. Friji ndiyo mlaji wa kimyakimya. Friji ndogo inayovuta wati 40 na kufanya kazi nusu ya muda hutumia karibu saa-ampea 40 kwa siku. Betri ya asidi iliyoandikwa saa-ampea 100 inafaa kutumiwa hadi nusu tu, yaani 50, kabla haijaanza kuharibika. Kwa hiyo gari likisimama mahali pamoja bila kuwashwa, friji na taa huimaliza betri hiyo kwa siku moja na kidogo. Dalili ni za mapema: taa zinafifia, pampu inakohoa, na alfajiri friji inalia au inazima. Gari lenye kipimo cha volti humwonya mwenyewe, volti 12.7 gari likiwa limetulia ni betri iliyojaa, na likikaribia 12.1 nusu imekwisha.

Kuendesha saa mbili tatu kwa siku hurudisha sehemu kubwa, na sahani ya sola juu ya paa husaidia wakati wa kiangazi. Hata hivyo mpango wenye busara ni kulala kwenye kambi yenye umeme kila usiku wa tatu hivi: betri inajazwa mpaka juu, matangi yanamwagwa, watu wanaoga maji mengi, nguo zinafuliwa. Aliyeweka usiku huo kwenye bajeti tangu mwanzo hauoni kuwa hasara. Msafiri wa Afrika Mashariki akumbuke pia adapta. Soketi za Nyuzilandi zina matundu bapa yaliyoinama, na plagi yetu ya miguu mitatu minene haiingii.

Sasa yaje malipo, na hapa mfano mmoja utasaidia kuliko maonyo mengi. Bei zilizomo ni za kupigia hesabu tu, kwa dola za Nyuzilandi. Kila kampuni na kila msimu una zake. Tuseme mume na mke kutoka Arusha wanamtembelea binti yao Christchurch, kisha wanakodi Hiace ya dizeli yenye kibandiko cha kijani kwa siku 10. Wanapita Tekapo, Aoraki, Wanaka, Queenstown na kurudi, jumla kilomita 1,600. Tangazo linasema dola 120 kwa siku. Kwao, basi, safari ni dola 1,200.

Kwanza, siku. Kampuni nyingi huhesabu siku ya kuchukua na siku ya kurudisha kila moja kuwa siku kamili, hata kama gari limechukuliwa saa tisa alasiri na kurudishwa asubuhi. Siku zao 10 kwa hiyo zina usiku 9.

Pili, bima. Bei ya tangazo inakuja na sharti kwamba gari likipata uharibifu, mteja atabeba sehemu ya kwanza ya gharama, na kwa kempavani kiasi hicho huwa dola elfu kadhaa, mara nyingi 5,000 au zaidi. Kampuni huzuia fedha hizo kwenye kadi ya mkopo, au huzikata kabisa na kuzirudisha baadaye. Zikikatwa na kurudishwa kwa kadi ya shilingi, mteja anaweza kupoteza mara mbili kwenye ubadilishaji wa fedha bila gari kuguswa. Kuna pia kadi zisizo na kikomo cha kutosha, na mteja huambiwa hivyo akiwa amesimama kaunta na mizigo yake. Njia ya kupunguza mzigo huo ni kulipia nyongeza ya kila siku. Tuseme ni dola 45, kwa siku 10 ni 450, zaidi ya theluthi ya bei ya gari.

Tatu, kodi ya barabara. Hii ndiyo inayowashtua wengi, na chanzo chake ni cha kisheria kabisa. Nchini Nyuzilandi, kodi ya barabara kwa petroli imo ndani ya bei ya lita, lakini kwa dizeli haimo. Mwenye gari la dizeli huinunua kwa kilomita, na kwa magari mepesi kiwango cha serikali kimekuwa dola 76 kwa kila kilomita 1,000. Kampuni humpelekea mteja bili hiyo siku ya kurudisha gari, kwa kusoma mita. Kilomita 1,600 ni kama dola 122 kwa kiwango cha serikali, na baadhi ya kampuni hutoza zaidi kidogo. Kwa hiyo dizeli inayoonekana rahisi kituoni si rahisi kiasi hicho, na kulinganisha gari la dizeli na la petroli kwa bei ya lita peke yake ni kujidanganya.

Nne, mafuta. Kwa lita 11 kila kilomita 100, safari itakula lita 176, na kwa dola 2 kwa lita hizo ni 352. Kulala: usiku 3 kwenye kambi yenye umeme kwa dola 60, usiku 3 kwenye kambi za Idara ya Uhifadhi kwa 30, na usiku 3 bure pale kibandiko kinaporuhusu. Jumla 270. Kampuni nyingi huongeza makato ya malipo kwa kadi; asilimia 2.5 ya bei ya gari na bima ni dola 41. Viti na meza ya nje tuseme 30.

Safari ya dola 1,200 imefika dola 2,465 kabla ya kununua mkate. Hakuna aliyemwibia mtu hapo. Kila kipengele kiliandikwa mahali fulani kwenye mkataba, ila hakikuandikwa kwenye tangazo. Na kama wangeamua kulishusha gari Auckland badala ya kulirudisha Christchurch, wangeongeza ada ya kuliacha mji mwingine, pamoja na feri. Wenye ratiba iliyolegea wanaweza kugeuza jambo hilo kuwa faida: kampuni zinapokuwa na magari mengi upande mmoja wa nchi, huyatoa kwa bei ndogo mno, wakati mwingine dola moja kwa siku, kwa sharti la kuyafikisha mji wa pili ndani ya siku chache.

Hata aliyelipia bima kubwa asome kisichofunikwa. Karibu mikataba yote huacha nje uharibifu wa paa na wa chini ya gari, gari kuzama kwenye maji, mafuta yasiyo sahihi, na gharama ya kulivuta gari lililokwama kwenye tope au mchanga. Huacha nje pia barabara fulani kwa majina. Barabara ya korongo la Skippers karibu na Queenstown imo kwenye orodha nyingi, na hata ufuko wa Ninety Mile huko kaskazini, ingawa mtu huona magari mengine yakipita juu ya mchanga wake. Kwa barabara hizi bima hukoma pale lami inapokoma, na gari lote huwa juu ya mteja.

Makato ya siku ya mwisho ni madogo lakini huja kwa pamoja. Choo kisichomwagwa hutozwa mamia ya dola. Tanki la mafuta lisilojazwa hutozwa kwa bei ya kampuni. Barabara tatu za kulipia katika Kisiwa cha Kaskazini hazina kibanda cha mlipaji. Kamera husoma namba ya gari, na asiyelipa mtandaoni ndani ya siku tano hutozwa na kampuni pamoja na ada yake. Ofisi nyingi hufunga mapema alasiri, na anayechelewa huhesabiwa siku nyingine.

Wakati wa kukabidhiwa gari, mteja asikubali kuharakishwa. Apige video akizunguka nje, apande ngazi au ainue simu apige paa, ainame apige chini ya bampa, kisha aingie ndani na kuwasha kila kitu: pampu, jiko, friji, taa zote. Amwombe mhudumu amwonyeshe kwa mikono yake jinsi sanduku la choo linavyotolewa na waya wa umeme unavyochomekwa. Video hiyo aitume kwa barua pepe ya kampuni kabla ya kutoka getini, ili tarehe iwe mahali ambapo pande zote mbili zinaiona.

Na kabla ya siku hiyo, akiwa bado nyumbani na kadi ikiwa bado mfukoni, aombe kwa maandishi mambo manne: picha ya kibandiko cha kijani, aina ya mafuta na kiwango cha kodi ya barabara, kiasi kitakachozuiwa kwenye kadi, na orodha ya kisichofunikwa na bima. Kampuni inayochelewesha majibu hayo iachwe, kwani Christchurch ina nyingine nyingi.